Mgeni wa Ukurasa wa Mwisho

Nimechoka. Nimetafuta neno la adabu zaidi nikalikosa. Nimechoka.

Juzi jioni kijana wa jirani alibisha hodi kwangu hapa Nguba, TFC yake mkononi, kurasa 54, zimetoka birotiki saa ile ile, karatasi bado za moto. "Papa, niangalilie tu makosa ya Kifaransa. Kesho inaenda kutiwa jalada."

Umesikia? Kesho. Kazi ya mwaka mzima, mimi napewa usiku mmoja, tena usiku wenyewe umeme hakuna.

Nikawasha tochi ya simu, nikasoma. Na niseme ukweli, kijana amefanya kazi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa ili asitambulike, nyumba zetu zimebanana, na mama yake anasoma magazeti.) Mada yake ni bei ya sambaza: kwa nini leo sahani moja unaichukua bila kufikiri, na wiki ijayo unaigeuza mara mbili kisha unairudisha. Alikwenda sokoni, akawauliza akina mama 60. Akashuka ufukoni, akakaa na wavuvi. Akaandika mambo yanayoshikika. Kwamba sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu kwa sababu ziwa lote limeangaza. Basi mitumbwi inalala pwani na bei inapanda. Kwamba taa zenyewe zina gharama. Kwamba kati ya ufuko na soko kuna mikono mingi, na kila mkono unakata chake.

Nikasema moyoni, huyu mtoto atatuheshimisha. Nikafungua ukurasa wa 52, hitimisho.

Na hapo, mstari wa tisa, nikakutana na mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa kurasa 51.

Aliandika, nakutafsiria: "Mwishowe, kupanda kwa bei ya sambaza kunatokana pia na kuingia katika ziwa Kivu kwa Lamprichthys tanganicanus, anayeshindana na sambaza kwa chakula." Kisha mabano, jina la mtafiti, mwaka.

Lamprichthys! Samaki huyu ni wa kweli, sibishi. Ametoka Tanganyika kama sambaza mwenyewe alivyotoka Tanganyika, aliyeletwa Kivu kwa mikono ya watu kati ya mwaka 1958 na 1960. Huyu wa pili ameonekana huku tangu mwaka 2006, na wapo wataalamu waliohofia kwamba atagombania chakula na sambaza. Utafiti upo, na mtafiti aliyetajwa naye yupo. Shida yangu haiko kwake.

Shida yangu ni hii: alikuwa wapi?

Sura ya kwanza hayumo. Sura ya pili hayumo. Katika maswali waliyoulizwa akina mama 60, hakuna hata moja linalomhusu. Wavuvi hawakuulizwa kama wanamkamata, wala kiasi gani, wala tangu lini. Nadharia-tete tatu za mwanzo hazimtaji. Halafu ghafla, ukurasa wa 52, mwenye nyumba amevaa viatu tayari kutoka, mgeni anaingia, anakaa kwenye kiti kikubwa, na anatangaza sababu ya bei kupanda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu kaja siku ya mavuno. Hakupalilia, hakulima, hakushika jembe hata dakika moja. Na bado anakata mkungu wa ndizi.

Sasa usinicheke, wewe unayesoma. Wewe pia umefanya hivyo. Fungua memwari yako, ile unayoiweka kabatini chini ya diploma, tazama kurasa mbili za mwisho. Hesabu majina yaliyotajwa humo kwa mara ya kwanza. Nangoja.

Mimi mwenyewe nilifanya. Miaka mingi iliyopita, katika chuo ambacho sikitaji, nilimaliza memwari yangu na mwandishi mpya kabisa niliyemkuta kwenye kitabu cha kuazima siku nne kabla ya kuweka kazi. Nilijivuna. Siku ya utetezi msomaji wa pili akaniuliza swali moja tu: "Huyu ulimsoma kabla ya kufanya uchunguzi au baada?" Nikasema baada. Akasema: "Basi uchunguzi wako haukumjua, na yeye hakuujua uchunguzi wako. Nani amewakutanisha?" Ukumbi ukacheka. Shangazi zangu waliokuja na maua nao wakacheka, ingawa sidhani walielewa.

Nani amewakutanisha? Hilo ndilo swali. Mengine yote ni maneno ya pembeni.

Twende polepole, maana hapa watu wengi huruka.

Ukimleta mwandishi katikati ya kazi, unaingia naye mkataba. Unaeleza amesema nini, amesema kuhusu mahali gani, ametumia njia gani. Kisha unamweka kando ya ulichokiona wewe, na kuangalia vinapatana wapi na vinagombana wapi. Msomaji anapata nafasi ya kusema: hapana, huyu alichunguza upande wa kaskazini, wewe uko Bukavu. Au: huyu alipima chakula tumboni mwa samaki, wewe umepima bei, daraja kati ya tumbo na bei liko wapi? Hayo ndiyo mahojiano. Shahidi ameitwa, amesimama, ameulizwa, ameondoka.

Ukimleta kwenye hitimisho, nani atamhoji? Hakuna nafasi tena. Kazi imekwisha. Anasema neno lake na pazia linashuka.

Hapa Bukavu nani hajawahi kufuata kesi, ya kiwanja au ya urithi? Unajua inavyokwenda. Pande zote zikishasema na kuweka karatasi zao, mashauri yanafungwa na jaji anachukua kesi kwenda kuiamua. Wakili akikumbuka barua nyingine baada ya hapo, hawezi kuipenyeza chini ya mlango. Anaomba mashauri yafunguliwe tena, upande wa pili uione barua, uijibu. Jaji akiisoma kimyakimya na kuitia ndani ya hukumu, mji mzima utapiga kelele. Tutasema amekula. Tutasema amehongwa.

Lakini mwanafunzi akifanya jambo lile lile tunampa alama 15 na kumpigia vigelegele.

Kwa nini inatokea? Msiniambie ni uvivu. Uvivu ungeacha hitimisho tupu, huku linajazwa. Mimi naona sababu iko nyuma, katika sura iliyotangulia.

Chukua TFC kumi, zozote. Angalia sura ya mwisho kabla ya hitimisho. Kichwa kinasema "Uwasilishaji na majadiliano ya matokeo". Uwasilishaji utauona: jedwali, maelezo ya jedwali yanayorudia jedwali, jedwali jingine. Majadiliano yako wapi? Nusu ukurasa. Pengine hayapo, limebaki jina tu kwenye kichwa. Na majadiliano ndiyo mahali pekee ambapo matokeo yako yanakutanishwa na ya wengine. Ukipafuta, wale waandishi wote uliowasoma wakati wa uchunguzi hawana pa kukaa. Wanatembea barazani na vitabu vyao mkononi. Mwisho wanaona mlango mmoja uko wazi, hitimisho, wanajazana humo.

Kwa hiyo yule samaki wa Tanganyika si mhalifu. Ni mkimbizi. Nyumba yake ilikuwa majadiliano, ikabomolewa.

Nilimwuliza kijana: "Huyu umemsoma lini?" Akasema mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Alikuwa na wakati wa kwenda kuwauliza wavuvi. "Kwa nini hukumweka sura ya tatu?" Akasema: "Direkta alisema sura ya tatu ni ya matokeo yangu tu. Kisha juzi akasema biblio ni nyembamba, niongeze waandishi wa karibuni."

Umeona? Wa kwanza anabomoa nyumba, wa pili anadai wageni wawe wengi, na wa kwanza na wa pili ni mtu mmoja.

Biblio nyembamba! Toka lini biblio ikapimwa kwa kilo kama sambaza?

Kuna chanzo kingine, cha zamani zaidi, na hicho kinaanzia sekondari. Unakumbuka disertasyoni? Utangulizi, mwili, hitimisho. Na ndani ya hitimisho, baada ya kujumlisha, kufungua dirisha. Walimu wetu wa Kifaransa walilipenda dirisha lile. Na namna rahisi ya kulifungua, mbele ya mtihani wa taifa, ilikuwa kumaliza na msemo wa mtu mkubwa uliokaririwa nyumbani. Msemo uleule uliingia katika mada ya vita, ya mazingira, ya heshima kwa wazazi. Uliingia kila mahali kama ufunguo wa bandia. Tukapewa alama. Tukajifunza kwamba kazi nzuri inamalizwa kwa sauti ya mtu mwingine.

Hapo ndipo tulipoharibika. Maana hitimisho ni mahali pekee katika kazi nzima ambapo unatakiwa kusema peke yako. Utangulizi unaahidi, sura za katikati zinasema pamoja na vitabu na majedwali, na mwisho unasimama wewe. Baada ya yote haya, mimi nasema hivi. Ni kurasa mbili tu. Na hizo mbili tunaogopa! Tunamkimbilia mkubwa atusemee.

Tazama mtu aliyejua kumaliza. Frantz Fanon, Les Damnés de la terre, 1961, mwaka aliokufa. Katikati ya kitabu analeta wageni bila woga: kuna tamthilia ya Aimé Césaire, kuna shairi refu la Keita Fodeba, kuna visa vya wagonjwa wake mwenyewe. Anawaweka mbele yako, anawapekua. Kisha fika kwenye hitimisho. Kurasa chache, na ndani yake hamwiti mwandishi yeyote kumsaidia. Ni yeye na wewe. Kama mtu aliyekuwa anakufa hakuhitaji shahidi mpya dakika ya mwisho, sisi tunamhitaji kwa bei ya sambaza?

Najua utakachosema. "Basi hitimisho lisiwe na rejea hata moja!"

Pole pole. Hapo napo pana wazimu wake.

Kuna mwalimu mmoja, simtaji, ambaye akiona tanbihi kwenye hitimisho anaichora mstari mwekundu bila kuisoma. Mwanafunzi anakumbusha takwimu iliyotoka sura ya pili, anaandika chini imetoka wapi, na kalamu nyekundu inashuka. Huo si ukali wa elimu, ni ushirikina. Rejea ya zamani kurudi kwenye hitimisho si dhambi. Yule shahidi alikwisha kuhojiwa. Unakumbusha tu alichosema. Mara nyingi hata huhitaji kuandika rejea tena, kwa sababu unasema "sura ya pili ilionyesha", na msomaji anajua pa kwenda. Lakini kama umechukua maneno yake neno kwa neno, au tarakimu yake, andika ni yake. Kukataa hapo ni kumfundisha mtoto kuiba kwa utaratibu.

Na lile dirisha? Hata lenyewe silizibi kwa matofali. Mwanafunzi anaweza kusema mwishoni: kuna swali sikuligusa, na fulani ameligusa kwingine, anayetaka aanzie hapo. Jina jipya limeingia, sawa. Lakini linaingia likiwa limebeba swali. Halibebi jibu. Hakuna kitu katika hitimisho kinachoegemea juu yake.

Tofauti hiyo unaipimaje? Kwa kidole. Funika sentensi yenye jina jipya kwa kidole chako, kisha soma hitimisho upya. Kama bado limesimama, na kila ulichodai bado unakidai, basi jina lile lilikuwa dirisha. Kama kuna dai limeanguka, jina lile lilikuwa nguzo, na nguzo haisimikwi baada ya bati kupigwa.

Tulifunika samaki wa kijana kwa kidole. Sababu ya nne ya bei kupanda ikapotea. Alikuwa nguzo.

Basi tukakaa. Saa nne usiku, kaka, na mimi nina shinikizo la damu. Nikamwambia achukue kalamu, na pembeni ya kila sentensi ya hitimisho aandike ukurasa ambapo jambo hilo lilithibitishwa. Kila sentensi, bila kuruka. Mbalamwezi na bei: ukurasa wa 38. Gharama za taa: 41. Mikono kati ya ufuko na soko: 43 na 44. Akaendelea vizuri, anaanza hata kutabasamu. Akafika kwa samaki, kalamu ikasimama.

"Papa, huyu hana ukurasa."

Hana ukurasa! Mimi sikusema neno. Akaendelea mwenyewe, akakuta sentensi nyingine mbili zisizo na ukurasa. Moja ilidai kwamba serikali ikiboresha barabara bei itashuka. Barabara hazikutajwa popote kwa uchunguzi. Nyingine ilisema sambaza ni chakula muhimu cha watoto. Ni kweli, kila mtu hapa anajua, lakini yeye hakuionyesha. Kurasa mbili, sentensi tatu zinaelea hewani. Kwa mtu ambaye hajawahi kuzihesabu, hiyo si mbaya. Nimewahi kuona hitimisho ambalo sentensi yenye ukurasa ni ya shukrani tu.

Ukitaka njia ya haraka zaidi, anzia nyuma. Chukua biblio, na kwa kila jina piga Ctrl+F kwenye kompyuta. Jina linalojitokeza mara mbili tu, moja kwenye hitimisho na moja kwenye biblio yenyewe, huyo ni mgeni wetu. Na jina linalojitokeza kwenye biblio peke yake? Huyo ni mzimu. Lakini habari ya mizimu nitaiandika siku nyingine, leo presha yangu haitaruhusu.

Sasa yule samaki, tumfanye nini?

Njia ya haki ilikuwa kumrudisha nyumbani: kwenye majadiliano. Ingetaka nini? Angesema kwanza matokeo yake hayaelezi kila kitu. Na kweli, ukurasa wa 39 alikuwa na akina mama kadhaa waliosema bei ilipanda hata wiki za giza, mwezi haupo na mitumbwi inatoka. Hapo ndipo pengo halisi! Pengo liko ukurasa wa 39, na anayeweza kulielezea anaitwa ukurasa wa 52. Angemleta Lamprichthys palepale, aeleze mtafiti alichunguza upande gani wa ziwa, aseme wazi kwamba yeye mwenyewe hakuwauliza wavuvi juu ya huyu samaki, kwa hiyo haya ni maelezo yanayowezekana na si zaidi. Mistari kumi na miwili. Msomaji angeipima. Juri ingeuliza: wanakula chakula kilekile, mahali palepale ziwani? Na kama sambaza wamepungua, mbona wiki hii bei ilishuka? Kijana angejibu au angekwama, lakini vita ingepiganwa uwanjani.

Jalada ni kesho, hata hivyo. Wakati wa kuandika majadiliano upya hakuna, na mimi sitaki kumdanganya. Ikabaki njia ndogo. Nikamwambia amtoe kwenye orodha ya sababu, amweke mwisho kabisa kama swali. Akaandika, akafuta, akaandika. Mara ya nne ikawa hivi:

"Bei ya sambaza katika masoko tuliyoyachunguza inapanda hasa kwa sababu tatu: mbalamwezi, gharama za taa, na idadi ya wanaopokezana mzigo kabla haujafika kwa mlaji. Sababu hizi hazielezi wiki za giza ambazo bei ilipanda pia. Hatukuwauliza wavuvi kuhusu samaki wapya walioingia ziwani. Utafiti ujao ungeweza kuanzia hapo."

Soma tena. Jina la Kilatini halimo. Mabano hayamo. Na bado amesema jambo ambalo lile la kwanza halikulisema: kwamba kuna wiki ambazo hajazielewa. Hiyo ndiyo sentensi bora katika kurasa zake 54, nami sikumwandikia. Ilikuwa imefunikwa na mgeni.

Barabara tukazifuta. Chakula cha watoto kikarudi kwenye utangulizi, kilikotakiwa kukaa tangu mwanzo.

Utasema, mzee huyu hana kazi. Nchi ina matatizo makubwa, yeye anagombana na mabano. Amka basi nikuonyeshe mabano yanaua vipi.

Nani anasoma TFC nzima? Niambie jina moja. Direkta anasoma, tuseme. Msomaji wa pili anasoma nusu. Baada ya hapo kitabu kinakwenda kwenye rafu ya maktaba, na kila anayekifungua anafanya kama wewe na mimi: utangulizi, kisha anaruka moja kwa moja mpaka hitimisho. Hitimisho ndiyo kazi yenyewe kwa macho ya wanaokuja.

Basi mwaka kesho mwanafunzi mwingine anatafuta sababu za bei ya samaki. Anatoa kitabu cha kijana wetu, anafungua ukurasa wa 52, anaandika: kwa mujibu wa fulani, aliyechunguza masoko ya Bukavu, bei ya sambaza imepanda kwa sababu ya Lamprichthys. Aliyechunguza! Hakuchunguza. Aliazima kwa mtu ambaye naye hakuchunguza bei, alichunguza samaki. Lakini sasa neno limepata baba mpya. Mwaka wa tatu linaingia kwenye memwari, limetiwa mabano mawili. Mwaka wa nne shirika fulani linaandika mradi: "tafiti kadhaa za hapa zimeonyesha". Kadhaa! Ni moja, na hiyo moja haikuwa utafiti wa bei. Fedha zinakuja za kupambana na samaki, na mama pale sokoni anaendelea kusumbuliwa na mwezi mpevu na ile mikono mingi kati yake na ufuko, jambo ambalo kijana alilithibitisha kwa jasho lake kwenye ukurasa wa 43 na hakuna aliyelisoma.

Ndiyo nasema nimechoka. Kilichothibitishwa kimezikwa katikati, na kilichookotwa kimevikwa taji mwishoni.

Na usiniambie mfumo umebadilika. Najua tangu mwaka wa masomo 2021-2022 tunaimba LMD. Graduat inaondoka, majina ya karatasi yanageuka, krediti zinahesabiwa. Kalamu inayoandika hitimisho imegeuka? Nimesoma kazi za mfumo wa zamani na za huu mpya. Mgeni ni yuleyule, ila sasa anakuja na anwani ya mtandao.

Walimu, mnisikie nanyi, maana nimewaachia mpaka hapa. Mkitaka biblio inenepe, jengeni majadiliano. Daini kurasa tano za majadiliano badala ya waandishi kumi wapya. Mwanafunzi akikuletea jina jipya wiki ya mwisho, muulize linagusa ukurasa upi. Kama linagusa, mrudishe huko hata kama dirisha la kuweka kazi linafungwa Ijumaa. Kama haligusi popote, kwa nini unalitaka? Ili kazi ionekane ya leo? Kwa nani?

Nanyi watoto wetu, acheni kunijia usiku wa kuamkia jalada mkiomba "makosa ya Kifaransa tu". Kifaransa chenu hakina shida kubwa. Njooni mwezi wa tatu, wakati ukurasa wa 39 bado una moto.

Kijana alikusanya karatasi zake kuelekea saa sita. Ng'ambo ya maji taa za Cyangugu zilikuwa zinawaka, za kwetu bado. Alisimama mlangoni, akanyoosha kurasa mpya mbili kwenye mwanga wa simu, akazitazama juu na chini.

"Papa, hitimisho limebaki ukurasa mmoja na robo. Direkta si atasema ni fupi?"

"Atasema."

"Na biblio imepungua jina."

"Moja."

Akakaa tena chini, akaanza kuhesabu mistari.